Kabla ya kuhesabu seli nyeupe, tazama nyekundu

Msomaji mmoja wa Wete kaniandikia: kahesabu seli nyeupe 100 kwenye slaidi ya damu iliyotiwa rangi, kapata nyutrofili 58, limfosaiti 20, monosaiti 22, eosinofili hata moja. Anauliza huyu mgonjwa ana nini. Mimi nikamuuliza: seli nyekundu zilikuwa na rangi gani? "Kijivu, kama zina buluu."

Basi jibu liko hapo. Seli nyekundu zikikaa vizuri huwa na waridi iliyochanganyika na rangi ya chungwa, na katikati zimepauka. Zikiwa kijivu, maji ya kutilia rangi na kuoshea slaidi yamezidi ualkali. Maabara zetu zimezoea bafa, maji yanayoshikilia pH isibadilike, ya pH 7.2, ambayo ni ya kutafutia malaria. Wengine huoshea maji ya kisima, na visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake magumu. Kwa kuhesabu seli nyeupe tumia 6.8. Ukiwa na rangi ya Leishman, funika slaidi kwayo dakika 2, ongeza bafa mara mbili ya rangi, subiri dakika 8 hadi 10, kisha osha kwa bafa ileile.

Kwenye ualkali, eosinofili hupoteza sura. Punje zake zinazofanana na mayai ya samaki, kubwa, za rangi ya chungwa, hugeuka kijivu, na mtu huiandika nyutrofili. Ukitilia shaka, tazama kiini: cha eosinofili kwa kawaida kina vipande viwili, cha nyutrofili hufika hata vitano, na punje zake ni vumbi tu. Basofili haina taabu, punje zake nyeusi-zambarau hufunika hata kiini.

Kazi ni kutofautisha monosaiti na limfosaiti kubwa. Usiamue kwa ukubwa. Limfosaiti ni laini, hukubali kubonyezwa na seli nyekundu za jirani, ukingo wake ukawa na buluu iliyokolea pale zilipogusana. Monosaiti haibonyei hivyo. Mwili wake ni kijivu cha moshi, mara nyingi una vitundu, na kiini kimepinda kama korosho, nyuzi zake zimelegea. Ila damu iliyolala kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, huzidisha vitundu, kwa hiyo tandaza slaidi mapema.

Msomaji wangu katandaza upya damu ileile kwa 6.8, kahesabu pale seli nyekundu zinapogusana bila kupandana: nyutrofili 49, eosinofili 9, limfosaiti 35, monosaiti 7. Basofili hakuiona, na si ajabu, mara nyingi haifiki 1 katika 100. Sasa swali ni lile la eosinofili 9, zilizozidi, na kwetu minyoo ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Kaongeza pia kwamba kaona "pete ya malaria". Ilikuwa chembe sahani, mikroni 2 au 3, imekaa juu ya seli nyekundu na ukingo mweupe kuizunguka. Zungusha skrubu ndogo ya hadubini: chembe sahani na seli iliyo chini yake hazionekani wazi kwa pamoja. Kimelea kimo ndani, huwa wazi pamoja na seli yake.