Viza ya F-1 imechelewa, masomo yanaanza wiki ijayo

"Wakuu, nimefanyiwa usaili wa viza ubalozini Dar, wakanipa karatasi ya 221(g), kwamba viza haijatolewa kwa sasa na ombi bado linashughulikiwa. Chuo Marekani kinafungua tarehe 24 Agosti. Nawaandikiaje? Naweza kujisajili nikichelewa?"

Andika leo, usisubiri viza itoke. Barua pepe iende kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni, yule aliyesaini I-20 yako, ile fomu ya chuo uliyoombea viza, na nakala kwa idara. Weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yako ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni (inaanza na N), tarehe ya usaili, na picha ya hali ya ombi lako kwenye CEAC, tovuti ya maombi ya viza ya Marekani. Kisha uliza wazi: "Mwisho wa kuwasili ni tarehe ngapi? Nikiiwahi, mtanipa barua ya kuchelewa au mtasogeza tarehe ya I-20?"

Kuna wanaosema ukipata viza panda ndege tu. Nusu kweli. Afisa wa uhamiaji uwanjani anaangalia tarehe ya kuanza kwenye I-20, na ikishapita bila barua ya chuo anaweza kukurudisha.

Vyuo vingi hufunga usajili wa kuchelewa wiki ya kwanza au ya pili. Ukikosa, omba kuahirisha hadi Januari. Namba ya SEVIS ikibaki ileile, ada ya SEVIS ya dola 350 hulipi tena.



Ufadhili wako unakubali kuahirisha? Hilo waulize kabla hujajibu chuo.