Stebilaiza au ekstensheni yenye serji kwa ajili ya TV na monita?

*"Wakuu, nimenunua TV inchi 50 na nina monita ya kazi hapa nyumbani. Mtaani kwetu umeme unakatika na kurudi hata mara tano kwa siku. Muuzaji kaniambia nichukue stebilaiza ya elfu 75 na ekstensheni yenye serji nitakuwa salama. Nichukue? Vipi kuhusu radi?"*

Usichukue. Mkuu hiyo elfu 75 irudishe mfukoni sasa hivi kabla hujasoma hata mstari wa pili, maana maneno uliyoambiwa ndo hayohayo niliyoambiwa mimi Kariakoo mwaka juzi, mpaka bei ni ileile, nahisi wanafundishwa darasa moja hawa watu.

Mimi nilikuwa na TV inchi 55, milioni moja na laki moja na nusu, pesa ya kijumbe hiyo, zamu yangu nimeisubiri miezi kumi. Nikaiwekea stebilaiza, stebilaiza nikaichomeka kwenye ekstensheni ya serji, yaani nimevaa kondomu mbili. Jumamosi jioni tumekaa tunasubiri mechi mke wangu ananiambia "baba Jamila, mbona taa zimekuwa nyeupe hivi?" Kweli naangalia taa zinawaka kama za uwanja wa taifa, feni inazunguka utadhani inataka kuondoka na dari. Mimi kwa ujinga wangu nikasema leo umeme umekuja na nguvu, afadhali. AFADHALI! Sekunde chache ekstensheni ikapasuka pah, stebilaiza ikaanza kulia relei ta-ta-ta-ta halafu moshi, TV ikazima na haijawaka tena mpaka leo.

Sasa hapo ndo nilipojifunza. Nguzo ya mtaani ina fezi tatu na nyutro moja, nyumba yako inachukua fezi moja na ile nyutro, unapata volti 230. Jirani anachukua fezi nyingine lakini nyutro ni hiyohiyo. Nyutro ikilegea au ikikatika pale nguzoni, umeme wako unakosa njia ya kurudia kwa hiyo unapita kwa jirani, na wa kwake unapita kwako, nyumba mbili mnakuwa kama mmeungwa kwenye mstari mmoja katikati ya fezi mbili, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Hizo 400 mnagawana, lakini mgao wake una dhuluma, anayetumia kidogo ndo anabebeshwa nyingi. Jioni ile mimi nina TV, feni na taa, tuseme wati 200, mama wa chapati upande wa pili kachomeka pasi ya wati 1000. Piga hesabu, yeye anabaki na volti 67 hivi, mimi nakula 333. Ndo maana kwake taa zilikuwa zinafifia kama koroboi wakati kwangu kumekucha. Alikuja kuniuliza kama na mimi umeme wangu mdogo, nikamwonyesha moshi.

Haya, stebilaiza yangu ilikuwa imeandikwa volti 140 mpaka 260. Maana yake mwisho wake ni 260, pale inaishusha ikae kwenye 220 hivi. Ukiipa 333 inashusha kwa kiwango kilekile, inakutolea kama 280 halafu inakupelekea kwenye TV na taa yake ya kijani inawaka kwa raha zake! Haikati. Kazi yake ni kunyoosha umeme sio kukata (zipo zinazokata, lakini yangu haikuwa hivyo na muuzaji hakujua hata ninachouliza niliporudi, akaniambia "bosi hiyo ni bahati mbaya"). Bahati mbaya ya milioni.

Na kitu kinachoniuma zaidi, TV wala haikuhitaji kunyooshewa chochote. Geuza yako nyuma soma kibandiko, wengi utakuta 100-240V. Umeme ukishuka mpaka 150 yenyewe inaendelea kuonyesha taarifa ya habari bila habari. Adui wa TV ni umeme wa JUU na ule unaorudi kwa kurukaruka baada ya kukatika. Stebilaiza inakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Serji nayo, ndani kuna kidude kama kidonge cha duara, kinameza umeme wa radi ya mbali au mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Umeme wa juu unaokaa dakika nzima kinajaribu kuumeza wote kinapasuka, ndo ile pah. Na hapo ni ile ya ukweli. Niliifungua nyingine ya elfu 12 niliyokuwa nayo chumbani nikakuta kataa kekundu na swichi tu, hakuna kidonge wala hirizi.

Kwa hiyo sheria ni moja mkuu: nunua kinachoKATA na KUSUBIRI. Mtaani wanaita tivii gadi au friji gadi. Umeme ukipita kama 260 kinakata, na umeme ukirudi hakifungui papohapo, kinasubiri utulie kwanza, vingine nusu dakika, vya friji mpaka dakika tatu. Mimi nilinunua kwa elfu 35, nusu ya stebilaiza. Dukani mwambie achomeke mbele yako, kikiruhusu umeme hapohapo bila kusubiri kirudishe kabatini. Uliza pia chenyewe kinahimili volti ngapi, kama hakifiki 400 kitakufa pamoja na TV siku ya nyutro.

Ukiwa na nafasi kidogo mwite fundi akufungie ile ya kwenye meini swichi, ina kioo kinaonyesha volti muda wote, inalinda nyumba nzima. Yangu nimeiweka ikate 255 juu na 170 chini, irudishe baada ya sekunde 180. Wanangu wanailalamikia hizo dakika tatu kila umeme ukirudi, nawaambia waendelee kuhesabu. Mwezi wa nne kile kioo kilipanda mpaka 290 kikakata chenyewe, nikatoka nje nikawaambia majirani wazime meini swichi nyumba nzima, tukapiga simu, mafundi wa zamu wakaja wakapanda wakakaza nyutro. Nyumba tatu ambazo hazikuzima ziliunguza dekoda.

Radi ni habari nyingine, gadi haiwezi kushindana nayo, wingu likikaa vibaya chomoa plagi ukutani na ile waya ya dishi pia, wengi wanasahau ya dishi.

Na usije ukadanganywa na fundi TV kama mimi. Laki moja na elfu ishirini bodi ya pawa, akaweka, ikawaka taa nyekundu tu, akasema bado bodi kubwa, laki mbili nyingine, ndo nikashtuka nikabeba maiti yangu nikarudi nayo nyumbani. Iko nyuma ya kabati.

Kama stebilaiza umeshailipia nenda na risiti leo, zile karatasi zinafifia haraka, yangu ilikuwa nyeupe kabisa nilipoipeleka.