Tenda za halmashauri: usilipie kuziona

"Nipo Masasi, nina kampuni ndogo ya ujenzi. Kuna grupu la WhatsApp wanataka elfu ishirini kwa mwezi kunitumia matangazo ya tenda. Ndiyo njia rasmi?"

Hapana, mkuu. Fungua nest.go.tz, mfumo wa manunuzi ya umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Kuona matangazo ni bure. Chukua tangazo moja la hao jamaa, tafuta jina la halmashauri na namba ya tenda humo. Likikosekana, waulize wamelitoa wapi. Likiwepo, linganisha tarehe ya mwisho, maana wauzaji huleta hata zilizokwishafungwa.

Kuna kaka mwingine anasema ukiona .tz kwenye anwani ya tovuti ni serikali. Nusu tu: .co.tz anasajili mfanyabiashara yeyote. Serikali ni .go.tz, na iwe mwishoni kabisa, kabla ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. nest.go.tz.kitu.com si ya serikali hata kidogo.



Kulipia mtu akuchambulie tenda zinazokufaa si kosa, ila hela ikiitwa "ada ya serikali" dai kontrol namba. Namba ya simu ya mtu, achana nayo.