Kinundu kinaweza kungoja, ukungu hauwezi

*Daktari, mbwa wetu wa miezi tisa, mwenye damu ya buldogi, ametokwa na kinundu chekundu kwenye kona ya ndani ya jicho la kulia, yapata wiki mbili sasa. Farmasini walitupa matone yenye deksametazoni na neomisini. Wekundu ulipungua, lakini tangu juzi jicho limeingia ukungu, analifumba na linatoa tongotongo za kijani. Jirani anasema tukikate hicho kinyama kwa wembe. Tufanye nini? (Mama wa Ndosho, Goma)*

Mama, acha hayo matone leo hii, na mbwa aonwe na veterineri leo au kesho asubuhi. Wembe usiguse jicho hilo kabisa.

Hapo kuna shida mbili. Kinundu ni tezi ya machozi ya kope la tatu iliyochomoka mahali pake. Huwapata sana mbwa wachanga, hasa buldogi na jamii zake, na peke yake hakiumi sana. Ukungu ndio unaonitia wasiwasi. Tezi ikikaa nje hukauka na kuvimba, mbwa hulisugua jicho kwa mguu, na vumbi letu la makoro, yale mawe ya volkano, lina chembe zenye makali. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho unene wake ni kama nusu milimita tu, kinachubuka na kuwa kidonda. Deksametazoni, ambayo ni ya jamii ya kortizoni, hutuliza wekundu, kwa hiyo mtu huona dawa inafanya kazi. Kumbe inazuia kidonda kufunga na kuwapa vijidudu nafasi. Neomisini iliyomo haiondoi hatari hiyo.

Kufumba jicho ni dalili ya maumivu, na jicho linalouma na lenye ukungu huwa ni la haraka kila mara. Ingia naye chumba chenye giza kidogo, umulike tochi kutoka ubavuni mwa jicho. Kioo kizima hung'aa sawasawa. Chenye kidonda huonyesha bonde au sehemu iliyokwaruzika. Ukiona rangi ya manjano na uso umelegea kama uji mzito, kioo kinayeyuka, na kinaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Tena, kidonda chenye ukungu pembeni kikionekana kimetakata katikati au kina kitone cheusi, usidhani kinapona: huenda umebaki utando mwembamba tu. Hapo usingoje asubuhi, na usiliminye jicho.

Kabla ya kufika kwa veterineri, futa tongotongo kwa shashi iliyolowekwa seramu fiziolojiki, ile ya chumvi ya 0.9%. Mvike kola asijikune. Kama hamna ya plastiki, toboa kitako cha ndoo ndogo, funika ukingo kwa kitambaa, uifunge kwenye mkanda wake wa shingo.

Veterineri atatia rangi ya floresini, ambayo hushika kijani pale kioo kilipochubuka. Piga simu kwanza uulize kama anayo. Pia atachungulia chini ya kope, maana chembe ya jiwe hujificha huko. Tiba ya kawaida ni antibayotiki ya macho isiyo na kortizoni, mara kadhaa kwa siku, pamoja na dawa ya maumivu. Kidonda cha juujuu hufunga ndani ya wiki moja hivi. Kama siku ya tatu mbwa bado anafumba jicho, mrudishe, kwa sababu kimeingia ndani au kuna kitu kinachokwaruza.

Jicho likitulia, ndipo mshughulikie kinundu. Tezi hiyo hutoa karibu theluthi moja ya machozi ya jicho, pengine zaidi. Ikikatwa, jicho linaonekana zuri kwa miezi au hata miaka, kisha linakauka: tongotongo nzito zinazonata, kioo kinaota weusi, na matone kila siku maisha yote. Mwombe daktari aishone tezi ndani ya mfuko wa kope lenyewe. Wakati mwingine huchomoka tena na hushonwa upya. Bado ni afadhali kuliko kuikata. Lichunguzeni na la kushoto, kwani mara nyingi hufuata.

Majirani wenye mbwa mzee mwenye mboni ya kijivu-buluu, asiyefumba jicho wala kugongana na vitu, wanaweza kupanga siku ya kumpeleka. Lakini siku hiyohiyo apelekwe mbwa aliyepofuka ghafla, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, au jicho lililovimba na kuwa gumu. Jicho likichomoka tunduni baada ya kupigwa au kung'atwa, lifunikeni kwa shashi yenye seramu, lisikauke njiani, wala msijaribu kulirudisha wenyewe.