Nililikamua jipu siku ya tatu, likanilaza wiki tatu

Jumapili usiku msomaji mmoja alinitumia picha. Juu ya mdomo, karibu kabisa na tundu la pua, alikuwa na uvimbe mwekundu uliokaribia ukubwa wa punje ya mahindi, ncha yake imeanza kugeuka njano. Chini ya picha akaandika: "Kaka, nina sindano mpya ya kushonea, nimeshaichemsha. Nitumbue?" Nilimpigia simu saa ileile. Nikamwambia sindano airudishe kwenye uzi, na asubuhi awe zahanati. Sababu nitaieleza, ila kwanza nizungumzie paja langu, maana huko ndiko nilikojifunzia.

Wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda Morogoro, juani kutwa nzima, suruali nzito, jasho linasugua mapajani. Jipu lilinianza kwa ndani ya paja la kulia, kwenye shina la unywele mmoja. Siku ya kwanza kilikuwa kiuvimbe kigumu kama punje ya harage chini ya ngozi, nikikigusa nashtuka. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. Nikafunga mlango, nikalibana kwa vidole gumba viwili hadi machozi yakanitoka. Kilichotoka ni tone la damu na majimaji kidogo. Usaha, hata chembe.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Jipu kwa kawaida ni kazi ya bakteria anayeitwa stafilokokasi, ambaye watu wengi tunaishi naye puani na kwenye ngozi bila taabu, mpaka apate upenyo kwenye shina la unywele. Siku za mwanzo usaha bado haujakusanyika. Mwili unajenga ukuta kuwazingira wale bakteria wasisambae, na ugumu ule unaousikia ndio ujenzi wenyewe. Ukilikamua wakati huo unaubomoa ukuta, na shinikizo la vidole vyako linawasukuma bakteria ndani zaidi kwenye nyama. Usiku ule paja lilinipwita kama lina moyo wake. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeenea upana wa kiganja.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji hakuliangalia paja, hakuuliza lina siku ngapi wala kama nina kisukari. Alinipa kapsuli za rangi mbili za siku tano, akapokea hela. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Maumivu yalipungua kidogo nikadhani nimepona, kumbe usaha ulikuwa unajikusanya. Na usaha ukishajikusanya ndani ya ukuta, dawa inayosafiri kwenye damu haifiki vizuri katikati, kwa sababu mle ndani hakuna mishipa ya damu. Unaweza kumaliza pakiti mbili na jipu likabaki palepale. Dawa yake ni kutolewa usaha.

Siku ya tisa niliamka natetemeka kwa baridi, mtoki umenivimba kinenani, siwezi kupanda pikipiki. Kituo cha afya walinipima joto, nyuzi 38.6, wakanichoma kidole kupima sukari. Kisha tabibu akaweka vidole viwili pande mbili za jipu, na kidole cha mkono wa pili akabonyeza katikati. "Unasikia linavyocheza?" akaniuliza. "Lingekuwa gumu kama embe bichi ningekurudisha nyumbani ukalikande. Hili ni nyanya iliyoiva, ndani pamejaa."

Embe bichi na nyanya iliyoiva. Kipimo hicho sijakisahau, na ndicho ninachowapa wote wanaoniuliza. Likiwa gumu, hakuna cha kupasua. Likiwa laini, linabonyea na kusukuma kidole upande wa pili, usaha upo. Dogo litajipasua lenyewe, lakini kubwa au lililozama lipasuliwe na mtaalamu.

Alinichoma ganzi kuzunguka jipu. Sitawadanganya, iliuma, kwa sababu ganzi hufanya kazi kwa shida kwenye nyama iliyovimba. Akachana kama sentimita mbili kwa kisu cha upasuaji. Usaha ulipotoka, yale maumivu ya kupwita yalikatika palepale, nikajikuta nahema kama mtu aliyetua gunia. Halafu akaingiza koleo na kuvunja vijumba vya usaha vilivyokuwa vimejificha ndani, akasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaacha kipande cha gozi kimening'inia ili kidonda kisizibe juu kabla ya kupona chini. Hakushona, na jipu halishonwi. Sasa nambie, wembe wa nyumbani utavivunja vipi vile vijumba? Ndiyo maana jipu la kujipasulia hujaa tena.

Tangu mwishoni mwa 2015, Rais Magufuli alipoanza kuzungumzia kutumbua majipu, neno hilo tumelipenda na tunalitamka kwa ari. Kwenye siasa sawa. Kwenye mwili, ndugu zangu, acheni pupa.

Mwezi uliopita nilipata jingine, safari hii mkononi. Nilichukua kitambaa safi, nikakichovya kwenye maji ya moto ambayo ngozi inayavumilia bila kuungua, nikalikanda dakika 10, mara 4 kwa siku. Sikuliminya hata mara moja. Siku ya sita lilijifungua lenyewe nikiwa naoga. Nikaosha kwa sabuni, nikafunika kwa bandeji, kitambaa nikakichemsha, na taulo langu hakuligusa mtu, kwa sababu usaha ule ule humpa jipu mwingine wa nyumba hiyo.

Ila kuna majipu ambayo hayasubiriwi hata yakiwa embe bichi. La kwanza ni la puani na mdomo wa juu. Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na mishipa iliyo nyuma ya macho kuelekea ubongo, na kukamua kunaweza kuwasukuma bakteria huko. Ni nadra, lakini likitokea ni la kufa na kupona. La pili ni la karibu na njia ya haja kubwa, ambalo mara nyingi kina chake ni kirefu kuliko linavyoonekana. Mtoto mchanga, mama anayenyonyesha mwenye jipu la titi na mwenye kisukari nao waende mapema. Vilevile nenda ukipata homa, jipu likiwa na vichwa vingi, au likimaliza wiki mbili halijapona.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tusisubiri kuona wekundu. Kwetu mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, ngozi inang'aa kwa kuvutika. Gusa kwa mgongo wa kiganja usikie joto linaishia wapi, chora mstari kwa kalamu pembeni yake. Kesho joto likiwa limevuka mstari, usingoje keshokutwa.

Yule msomaji alienda Jumatatu. Tabibu hakumpasua, maana usoni hawakimbilii kisu. Alimpa dawa za kuua bakteria, akamwagiza akande kwa maji ya moto bila kubana na arudi baada ya siku mbili, au usiku uleule kama jicho litavimba au kichwa kitamuuma sana. Jana alinitumia picha nyingine. Uvimbe umenywea, kimebaki kigaga kidogo chini ya pua.