Ya kwanza ilikuwa uchokozi tu, ya nne ndiyo inayokuumiza

*Shangazi, Ijumaa nilitoka na marafiki. Tulianza kunywa saa nne usiku, glasi yangu ya tano ya mvinyo nikaimaliza saa sita. Saa saba na dakika kumi, nikiwa kitandani, nilimwandikia kaka mmoja wa kazini kwamba tabasamu lake linaninyima usingizi. Akasoma, kimya. Nikatuma nyingine tatu, ya mwisho ikisema, "Basi lala, hata sijali." Asubuhi nimezifuta zote. Ni mara ya tatu mwaka huu, kila mara kwa mtu mwingine, na Jumatatu tuna kikao pamoja. Mbona nikiwa na akili zangu sifanyi hivi? Mwenye Aibu.*

Mwanangu, tuanze na hesabu. Mwili huondoa takriban glasi moja ndogo kwa saa, wala hauharakishwi na maji wala kuoga. Kwa hiyo saa saba ulikuwa bado na glasi mbili hivi mwilini, pengine zaidi kama zilimiminwa hadi juu. Isitoshe, pombe huendelea kupanda kwenye damu nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya glasi ya mwisho. Ulipojilaza ukadhani umetulia, kumbe kilichotulia ni muziki.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba pombe huifanya akili ione cha karibu tu. Kilicho mbele yako kinakuwa kikubwa, na cha mbali, kama kikao cha Jumatatu, kinafifia. Wewe mbele yako ulikuwa na nini? Picha yake kwenye simu na hamu yako. Mngekuwa ana kwa ana ungemwona akikunja uso, ungeishia hapo. Simu haina uso.

Halafu zikaja tiki za buluu, na hapo ndipo ninapotaka uangalie vizuri. Meseji ya kwanza ilikuwa uchokozi wa kawaida ambao mtu mzima angeucheka. Zile tatu hukumwandikia yeye, uliuandikia ukimya wake. Mtu timamu akiona kimya saa saba usiku anafikiri, amesinzia, au hajui ajibu nini. Wewe uliona umekataliwa, ukakimbilia kujitetea. Barua nyingi za namna hii ninazopata, majuto yamekaa kwenye meseji ya pili kwenda mbele.

Sasa kinga. Usitegemee busara ya saa saba, kwa sababu saa hiyo haipo. Uamuzi ufanyike kabla ya glasi ya kwanza. Unapojiandaa kutoka, yafunge mazungumzo na huyo unayemwazia kwa alama ya kidole, yatoke kwenye orodha ya kawaida. Utaweza kuyafungua, ndiyo, lakini itabidi uyatafute, na hatua hiyo moja mara nyingi inatosha kukuzindua. Mwaka 2008 Google waliwahi kuweka kwenye Gmail kitu kiitwacho Mail Goggles: usiku wa manane wa wikendi kilikudai ufanye hesabu kadhaa ndipo barua pepe iende. Watu walicheka, ila wazo lilikuwa sahihi.

Na maneno yakikubana kifuani, usiyameze. WhatsApp inakuruhusu kujiandikia mwenyewe. Mwandikie humo yote, na tabasamu lake na usingizi wako, bonyeza kutuma, lala. Hamu ya kutuma inakuwa imepata pa kutokea. Isome saa nne asubuhi. Ukiona bado ungependa aisome, mtumie mchana huohuo, na hapo hutakuwa na cha kujutia hata akikataa. Mimi nilifanya hivyo ujanani kwa daftari, na ninashukuru halikuwa na kitufe cha kutuma.

Ikikuponyoka moja licha ya hayo, iwe hiyohiyo moja. Izime simu, ikachajiwe chumba kingine.

Nikuulize pia, kwa upole: mara tatu, watu watatu. Je, mchana huwa unamchokoza mtu yeyote, hata kidogo? Kama ujasiri wako wote unakaa ndani ya glasi, kufunga mazungumzo kutakuokoa usiku mmoja mmoja tu.

Kuhusu kufuta, umechelewa. Alishasoma, na sasa ameachiwa alama nne za meseji zilizofutwa, zinazoonekana kama jambo zito kuliko lilivyokuwa. Usimwambie ulikuwa unatania, hatakuamini. Mwandikie hivi: "Samahani kwa meseji za Ijumaa usiku, hazikufaa. Huna haja ya kujibu, na kazini hakuna kinachobadilika." Itume leo mchana, kabla ya kikao, halafu usikae kuangalia tiki.