Kuanguka katika mapenzi, au kuzama?

*Mwalimu, shikamoo. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza ili kikundi chetu cha maigizo hapa Mikindani kiigize. Sentensi tatu zimenishinda. Nimeziweka hivi: "Alianguka katika mapenzi, kwanza polepole, kisha ghafla, na hapakuwa na mtu wa kumdaka." Ya pili: "Miaka miwili baadaye ndoa yao ilikuwa juu ya miamba." Ya tatu: "Akamwasha upya mwali wake wa zamani." Wenzangu wanacheka kila nikisoma. Walikubali tu pale mhusika anapougua mapenzi. Nimekosea wapi?*

Marahaba, dada. Wenzako wana masikio mazuri, na kila kicheko chao kina sababu yake.

Tuanze na kuanguka. Kitenzi hiki kwetu kina kazi nyingi, na karibu zote ni za hasara. Mwanafunzi huanguka mtihani, serikali huanguka, mwenye kifafa tunasema ana ugonjwa wa kuanguka, na kanisani mtu huanguka dhambini. Ukisema "alimwangukia", msikilizaji anamwona mtu amepiga magoti anaomba msamaha. Kwa hiyo "alianguka katika mapenzi", ingawa imeenea sana katika tafsiri na wengi wameshaizoea, bado inaanza kwa kumtia mhusika wako msiba ambao mwandishi hakuukusudia. Mtu wa Newala aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu na kutazama bondeni anaweza kuniambia kwamba kuanguka anakujua vizuri. Sawa, lakini tatizo si urefu wa korongo. Tatizo ni kwamba kwetu anayeanguka huwa ameshindwa jambo.

Hebu tujiulize Mwingereza anatafuta nini katika picha yake. Anataka kusema kwamba jambo lilimpata mtu bila yeye kuamua, na kwamba akishaanza hana pa kujizuia. Wengine hawahitaji picha hata kidogo: Mjerumani na Mhispania wana kitenzi kimoja tu cha kuingiwa na mapenzi, bila kuanguka popote, ilhali Mfaransa huanguka kama Mwingereza. Sisi tuna njia mbili. Ya kwanza ni kavu lakini nzuri mno: "alitokea kumpenda". Kile "kutokea" kinabeba habari nzima ya kutopanga. Ingekuwa hadithi yako inasema tu kwamba fulani alimpenda fulani, ningekuambia uandike hivyo, uendelee na sentensi inayofuata.

Ila mwandishi wako hakuishia hapo. Ameivuta picha: kuna polepole, kuna ghafla, kuna mdakaji asiyekuwepo. Picha iliyolala usingizi ndani ya lugha ameiamsha, na ukiandika "alitokea kumpenda", yule mdakaji atakosa mtu wa kumdaka. Hapa unahitaji picha ya Kiswahili inayovutika kiasi kilekile, na tunayo: kuzama. Tunasema "amezama kwenye penzi", "amezama mzimamzima", na hakuna anayecheka. Ninyi wa Mikindani mnajua bahari inavyomchukua mtu: unatembea, maji yakiwa kifundoni, mara magotini, mara kiunoni, halafu hatua moja tu na miguu haigusi chini. Hapo ndipo pana polepole yako na ghafla yako kwa pamoja. Ningeandika: "Aliingia penzini kama anayeingia baharini, maji yakimpanda taratibu, mara akajikuta hapati chini, na ufukoni hapakuwa na wa kumrushia kamba." Ni ndefu kuliko ya Kiingereza, lakini jukwaani inasemeka. Na mdakaji sasa ni mrusha kamba, maana anayezama hadakwi.

Sentensi ya pili imekugeuzia maana kabisa. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, George Lakoff na Mark Johnson, walionyesha jinsi Kiingereza cha kila siku kinavyozungumzia mapenzi kama safari: wapendanao hufika njia panda, hukwama, hupotea njia. Ndoa iliyo "juu ya miamba" ni ya kundi hilo. Ni jahazi lililogonga. Lakini kikundi chako kina watu wanaokwenda kanisani, nao wakisikia nyumba au ndoa "juu ya mwamba" wanakumbuka ile nyumba ya Injili ambayo mvua na mafuriko havikuiangusha. Wewe unasema ndoa inavunjika, wao wanakaribia kupiga vigelegele.

Dawa ni kuirudisha picha baharini kwa kitenzi. "Ndoa yao ilikuwa imepanda mwamba" haiwezi kueleweka vibaya na mtu wa pwani, kwa sababu kinachopanda mwamba ni chombo. Kabla hujaamua, soma tena hadithi uone hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Kama wanandoa walikuwa wanayumba tu, sema ndoa "ilikwenda mrama", kama chombo kinacholala huku na huku kwa mawimbi. Kama walisimama, hawagombani wala hawasogei, wamepwelewa: maji yamekupwa, chombo kimekaa mchangani. Aliyepwelewa anaweza kusubiri maji yajae. Aliyepanda mwamba ana tundu tayari. Kiingereza hapo kina neno moja, wewe una matatu, na lazima uchague.

Ugonjwa ulipita bila taabu kwa sababu hatukuuazima juzi. Ashiki tumelipata kwa Kiarabu, na tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiorodhesha ashiki miongoni mwa maradhi. Alishauri mgonjwa ashikwe mshipa huku majina yakitajwa, ili jina la mpenzi lijulikane pale mapigo yanapobadilika. Sisi tunasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini jihadhari na jirani wa ugonjwa. Ukikuta mtu "amevunjwa moyo" na mpenzi wake, kumbuka kwamba kwetu kuvunjika moyo ni kukata tamaa, hata na biashara ya korosho. Vijana katika nyimbo wanaitumia kwa mapenzi, nami sigombani nao, ila "alimjeruhi moyo" au "alimtenda" inafika moja kwa moja.

Sasa mwali. Huko kwenu, dada, mwali ni binti aliyechezwa unyago. Umemwasha binti moto jukwaani, na bado unashangaa wanacheka! Mwali wa moto upo, lakini katika mikoa yetu ya kusini huwezi kuutaja peke yake. Halafu moto wa Kiswahili cha mtaani mara nyingi huenda kinyume na wa Kiingereza: wao wakipenda huwaka, sisi tunazimika. "Nimemzimikia" ndiyo sifa.

Andika "akachochea makaa ya penzi la zamani". Makaa yanakubali kwamba moto ulipoa lakini haukufa, na kuchochea ni kazi ya mkono, kama katika asili. Ipo pia "akapasha kiporo", nayo ni sahihi na kali, ila ina kejeli ndani yake: anayeisema hamheshimu anayesimuliwa. Msimulizi wako hana kejeli hiyo, basi usimpe. Kama kuna shoga wa mhusika au jirani anayechungulia dirishani, mpe yeye.